Maneno ya Dalali Kabla ya Ufunguo

"Chumba, sebule, jiko, choo ndani. Laki mbili na nusu. Kimara, karibu na barabara." Hivyo ndivyo nyumba za kupanga zinavyotangazwa Dar es Salaam, kwenye kibao kilichopigiliwa juu ya nguzo au kwenye ujumbe wa simu wenye picha tatu za vigae vinavyong'aa. Kila neno hapo linaweza kuwa kweli, na bado mpangaji akahama baada ya miezi sita akiwa ametumia fedha nyingi kuliko alivyopanga. Tangazo halikumwambia siku ya kuingia atoe kiasi gani. Halikumwambia amana yake itarudije, maji yanatoka siku zipi, wala asubuhi anapoamka kwenda kazini atasimama kituoni kwa muda gani.

Hayo yanapaswa kutoka kinywani mwa dalali wakati wa kuonyesha nyumba. Dalali anayeijua kazi yake huwa na maneno yake tayari na anajua aanzie wapi. Ninayaandika hapa kwa namna ambayo dalali anayeanza kazi anaweza kuyatumia, na mpangaji anaweza kuyadai pale anapoona dalali ameyaruka. Nimechukua nyumba moja ya mfano, iko Kimara, mtaani ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro. Ni sehemu moja kati ya nne zilizo ndani ya ukuta mmoja, kodi yake ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Hesabu nitakazopiga ni za mfano, lakini atakayetafuta nyumba maeneo hayo atakutana na za aina hiyo.

Fedha zizungumzwe kwanza, tena kabla ya kukutana. Madalali wengi hufanya kinyume: humtembeza mteja mpaka aipende nyumba, aone dirisha la jikoni, aanze kufikiria kochi litakaa wapi, ndipo hesabu itajwe. Kufika hapo mteja hana tena nguvu ya kukataa, na kama fedha hana, siku nzima imepotea kwa wote wawili. Maneno ya kwanza ya dalali kwenye simu yawe ya namna hii:

"Dada, kodi ni laki mbili na nusu kwa mwezi. Mwenye nyumba anachukua ya miezi sita, kwa hiyo ni milioni moja na nusu. Kuna dipoziti ya mwezi mmoja, laki mbili na nusu, hiyo inarudi ukihama. Na mimi nachukua ya mwezi mmoja, laki mbili na nusu, hiyo hairudi. Ukija kuchukua ufunguo uwe na milioni mbili kamili. Kukuonyesha nyumba ni elfu kumi, utaona hii na nyingine mbili, na ukichukua mojawapo, hiyo elfu kumi naitoa kwenye hela yangu."

Mteja aliyesikia laki mbili na nusu sasa anajua ni milioni mbili, yaani mara nane. Atakayeona haiwezekani atasema hapo hapo, na dalali atamtafutia mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu. Wapo, hasa kama nyumba imekaa tupu mwezi wa pili, na dalali ndiye anayejua ni nani. Kulipa miezi sita kwa mkupuo ni mazoea ya mji huu ambayo wenye nyumba huyatetea kwa nguvu, lakini ni jambo la makubaliano, na dalali anayemuuliza mwenye nyumba mapema huweza kumsaidia mteja kuliko mteja anavyoweza kujisaidia mwenyewe.

Ada ya kuonyeshwa nayo inastahili kusemwa wazi kiasi kile. Malalamiko mengi juu ya madalali huanzia hapo: mtu anatoa elfu kumi, anaonyeshwa chumba ambacho kilishachukuliwa wiki iliyopita, anaambiwa "subiri nikupigie," na simu hairudi. Dalali mwaminifu humpigia mwenye nyumba au mlinzi asubuhi ileile kuhakikisha nyumba bado ipo. Kuna jambo la pili: mara nyingi nyumba moja hupita mikononi mwa madalali wawili au watatu, aliyeipata mwenye nyumba na aliyempata mteja. Ya mwezi mmoja ni yao wote, wagawane wenyewe. Mpangaji akiambiwa mlangoni kwamba "kuna na mwenzangu," ajue hilo lilipaswa kusemwa mwanzo.

Katika maneno ya fedha kuna sentensi moja ambayo karibu kila dalali huiruka, nayo ni ya miezi sita ijayo. Kodi itapanda? Mwenye nyumba atadai ya awamu ya pili lini, mwezi mmoja kabla au siku ileile ya kwanza inapoisha? Kama dalali hajui, amuulize mwenye nyumba mteja akisikia. Jibu hilo liandikwe kwenye mkataba: kodi haitapanda kabla ya tarehe fulani, na ikipanda mpangaji ataarifiwa kwa maandishi siku kadhaa kabla. Kodi inayopanda kwa elfu hamsini tu baada ya miezi sita ni laki tatu zaidi za kutafuta kwa mkupuo.

Sasa amana. Zamani katika nyumba za kawaida za Dar amana haikuwa jambo la lazima, mwenye nyumba alitosheka na kodi ya mbele. Nyumba mpya zenye vigae, makabati ya jikoni na feni ndizo zilizoieneza, na kwa kuwa wengi hawajaizoea, ugomvi wake ni mkubwa kuliko kiasi chenyewe. Mpangaji anaihesabu kama akiba yake aliyoiweka kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba anaihesabu kama fedha ya rangi ya kupakia nyumba atakapoondoka. Wote wawili wanaweza kuwa watu wema, na bado wasielewane siku ya mwisho, kwa sababu hakuna aliyesema mapema fedha ile ni ya nini.

Dalali aseme akiwa amesimama ndani ya nyumba, si kwenye simu, kwa sababu amana ni habari ya vitu vinavyoonekana. "Dipoziti anaishika mwenye nyumba, siishiki mimi. Ni ya kitu kitakachoharibika mkononi mwako: kioo kikivunjika, kitasa kikipotea, sinki likipasuka, au ukiondoka umeacha deni la maji. Rangi kuchakaa kwa kukaa haikuhusu. Njoo tupitie vitu pamoja." Hapo waanze mlango wa mbele na kumalizia chooni. Milango ifunguliwe na kufungwa kwa ufunguo, kila taa iwashwe, kila tundu la umeme lijaribiwe kwa chaja ya simu, maji ya chooni yavutwe. Vioo vya madirisha vihesabiwe. Kigae chenye ufa kipigwe picha kwa karibu, kisha picha nyingine ya mbali inayoonyesha kiko chumba gani, maana ufa uliopigwa kwa karibu peke yake unaweza kuwa wa nyumba yoyote. Ukutani chini ya dirisha, na pale ukuta wa choo unapopakana na chumba, watazame kama rangi imevimba au inabanduka. Hiyo ni dalili ya unyevu, na unyevu ukiachwa bila kuandikwa utahesabiwa ni wa mpangaji.

Picha zile zitumwe siku hiyohiyo kwa simu ya mwenye nyumba, ili tarehe ibaki kwenye simu zote mbili. Kisha karatasi ya orodha isainiwe na kuambatanishwa na mkataba. Mkataba wenyewe uwe na mambo matatu ya amana ambayo mara nyingi hukosekana: kiasi, sababu zinazoruhusu kukata, na siku ambazo mwenye nyumba anapewa kuirudisha baada ya kukabidhiwa ufunguo. Wiki mbili ni muda unaotosha kukagua na kusubiri ankara ya mwisho ya maji. Mgogoro ukifika mbele ya serikali ya mtaa, au ukaenda mbali zaidi hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, cha kwanza kuulizwa kitakuwa maandishi, na aliye na maneno matupu hupata shida hata akiwa na haki.

Wapangaji nao wana kosa lao. Wengi, wakiwa na wasiwasi kwamba amana haitarudi, huacha kulipa mwezi wa mwisho na kumwambia mwenye nyumba aikate humo. Siku hiyo mwenye nyumba hubaki bila kinga yoyote ya kioo kilichovunjika wala deni la maji, na mpangaji wa pili atakutana na masharti makali zaidi kwa sababu ya wa kwanza. Dalali aliseme waziwazi: dipoziti si kodi ya mwezi wa mwisho, mpaka mwenye nyumba mwenyewe akubali hivyo kwa maandishi.

Nikifika kwenye maji, ndipo ninapotaka dalali apunguze mwendo. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam inatoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na Kimara hulishwa na ile ya Ruvu Juu kwa bomba linaloshuka na Barabara ya Morogoro. Mto ukipungua, mji mzima unahisi. Mwaka 2022, vuli ilipochelewa na Ruvu ukashuka, DAWASA ililazimika kutangaza mgao. Lakini hata mto ukiwa umejaa, Kimara ni nchi ya vilima na mabonde. Nyumba ya bondeni inaweza kupata maji mchana kutwa, huku jirani yake wa juu akingoja saa nane za usiku, watumiaji wa chini wakiwa wamelala, ndipo msukumo umfikie. Ndiyo maana jibu la "maji yapo" halina maana yoyote. Yapo wapi, siku gani, saa ngapi?

Dalali ampeleke mteja kwenye mita kabla ya kumpeleka sebuleni. Kwa kawaida iko karibu na geti, ndani ya kisanduku au imefukiwa nusu kwenye mchanga. Afunue kifuniko. Swali la kwanza ni kama mita ni ya nyumba hii peke yake au ya wapangaji wote. Katika nyumba yetu ya mfano ni moja kwa familia nne, kwa hiyo swali linalofuata ni jinsi ankara inavyogawanywa. Kuna wanaogawa sawa kwa kila mlango, na hapo mtu anayeishi peke yake analipia maji ya familia ya watu sita. Kuna wanaogawa kwa vichwa, ambayo ni haki zaidi lakini huleta maneno kila mgeni akija kulala. Njia iliyo safi kabisa ni mita ndogo za ndani, kila mlango na yake, na mwenye nyumba anagawa ankara ya DAWASA kwa kufuata usomaji wa hizo. Dalali atamke ni ipi kati ya hizo inayotumika, maana hakuna jambo linalogombanisha wapangaji wa ukuta mmoja kama hili.

Wakiwa bado hapo, wafunge bomba zote za nyumba na kutazama uso wa mita. Mita nyingi zina kipande kidogo kinachozunguka, cha nyota au pembetatu, ambacho huhisi hata maji ya polepole. Kikizunguka wakati hakuna bomba lililofunguliwa na tangi halijazwi, kuna mahali maji yanavuja, mara nyingi choo ambacho boya lake halifungi au bomba lililopasuka chini ya zege. Mpangaji atayalipia maji hayo bila kuyaona. Halafu dalali aombe ankara ya karibuni, ile inayokuja kwa ujumbe kwenye simu ya mwenye nyumba. Ikionyesha deni la nyuma, liandikwe na lilipwe kabla ya mtu kuingia, kwa sababu huduma ikikatwa fundi hatauliza ni deni la nani.

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Mpangaji akikumbuka hesabu hiyo moja, hadanganyiki tena. Mwenye nyumba anayewauzia wapangaji wake maji ya bomba kwa shilingi 100 kwa dumu anauza uniti kwa shilingi 5,000, na ankara ya DAWASA itaonyesha mwenyewe ameinunua kwa bei gani.

Kisha bomba. Kufungua bomba la jikoni na kuona maji yanatoka kwa nguvu hakuthibitishi chochote, kwa sababu huenda yanatoka kwenye simtanki lililojazwa jana kwa ajili ya wageni. Bomba la kujaribu ni lile la nje lililo kati ya mita na tangi. Likitoa, leo maji ya DAWASA yapo. Likiwa kavu, dalali aseme tu kwamba leo si siku ya maji, na aitaje siku yenyewe. Baada ya hapo watazame tangi, na hapa ndipo ninapomtaka apige hesabu kwa sauti:

"Simtanki ni la lita 2,000, mnachangia milango minne. Hapa ndani kuna kama watu kumi na sita. Mtu mmoja akitumia lita sitini kwa siku, kuoga, kupika, choo na kufua, ni kama lita elfu moja. Kwa hiyo tangi linakaa siku mbili. Maji yanakuja Jumanne usiku na Ijumaa usiku. Kati ya Jumanne na Ijumaa mtabana kidogo. Kuanzia Ijumaa mpaka Jumanne ni siku nne, siku mbili za mwisho utanunua au utatumia ulichohifadhi ndani."

Mteja aliyesikia hivyo ataamua kama anataka kununua pipa la kuweka jikoni, au atafute nyumba yenye tangi la lita 5,000. Na kama kuna pampu ya kupandisha maji kwenye mnara, aulize inatumia umeme wa LUKU ya nani, na inawashwa na nani. Nyumba nyingi zina pampu nzima na tangi zima, lakini maji hayapandi kwa sababu uniti za umeme wa pampu zimeisha na wapangaji wanasubiriana kununua.

Nyumba isiyotegemea bomba hutegemea kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Kuionja peke yake hakutoshi, kwa kuwa ulimi huzoea. Anawe mikono kwa sabuni: povu likigoma na mikono ikabaki inanata, maji yana chumvi nyingi. Atazame mdomo wa bomba na sinki kama pana ukoko mweupe, na kama jirani ana birika la umeme, aombe kulichungulia ndani. Maji hayo yatafaa chooni na kuoshea sakafu, lakini yatakula vitasa, yatafubaza nguo, na ya kunywa itabidi yanunuliwe. Hilo nalo ni gharama ya mwezi, na dalali alitaje pamoja na kodi.

Mpangaji akitaka uhakika zaidi, kuna ushahidi usiohitaji maneno ya dalali hata kidogo. Aangalie korido na vibaraza vya wapangaji waliopo. Safu ya madumu ya njano yaliyojaa, pipa mlangoni na ndoo tatu chooni zinaeleza habari ya maji kwa ukweli wote. Na amsalimie mama anayefua. "Shikamoo mama, maji hapa yanatokaje?" Dalali mwema hatasogea kumzuia. Atasubiri jibu naye alisikie.

Usafiri unaharibiwa na neno "karibu." Nyumba yetu inasemekana ni dakika tano kutoka barabarani, na ni kweli, kwa bodaboda. Kwa miguu ni kupanda kilima kwa dakika ishirini na tano, njia ya vumbi, sehemu moja ikiwa imekatwa na maji ya mvua. Dalali aepuke kumpeleka mteja kwa boda moja kwa moja hadi getini. Watembee, angalau wakati wa kurudi. Njiani mteja atajua kama njia ina taa usiku, kama gari inaweza kupita masika, na kama mtoto wa shule anaweza kuitembea peke yake. Na aulize boda wenyewe kijiweni bei ya kawaida, bei ya usiku na bei ya mvua, kwa sababu ni bei tatu tofauti.

Ukifika barabarani, sifa kubwa ya Kimara ni mwendokasi. Mabasi hayo yalianza Mei 2016 yakiwa na kituo kikuu cha mwanzo Kimara Mwisho, yakipita kwenye njia yake yenyewe katikati ya Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni na Gerezani. Foleni ya magari haiyagusi. Linalogusa ni foleni ya watu. Asubuhi basi linajaa kuanzia Kimara Mwisho, na abiria aliyesimama Korogwe, Bucha au Baruti huona milango ikifunguka mbele yake na hakuna mahali pa kukanyaga. Ndiyo sababu wapo wanaopanda basi la kurudi nyuma hadi Kimara Mwisho, wakageuza nalo ili wapate nafasi. Mtu anayegeuza kila siku ameongeza muda wa safari yake, na ramani haitamwonyesha hilo. Kwa hiyo maneno ya dalali yasiwe "kituo kiko hapo chini," yawe hivi: "Kituo chako ni Bucha. Ukifika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi utapanda. Ukifika saa moja kasoro, jiandae kusubiri mabasi kadhaa au kugeuza. Mvua kubwa ikinyesha na Msimbazi ukajaa, Jangwani panafungwa, mwendokasi husimamishwa, na siku hiyo kila mtu anatafuta njia yake."

Haya la Jangwani si la kutisha watu. Bonde la Msimbazi pale limefurika mara nyingi tangu mabasi yaanze, na kila aliyewahi kufanya kazi Posta au Kariakoo huku akiishi Kimara analijua. Mgeni wa mji halijui, na yeye ndiye anayemtegemea dalali zaidi. Kama kazi yake iko Mbezi Luis karibu na stendi ya mabasi ya mikoani, au Mwenge, njia yake ni nyingine kabisa, na dalali aanze kwa kuuliza: "Kaka, unafanya kazi wapi, na unaingia saa ngapi?" Bila jibu la swali hilo, maelezo yote ya usafiri ni ya kubahatisha.

Sasa fedha, maji na usafiri viwekwe kwenye karatasi moja. Tuseme dalali ana nyumba ya pili, ukubwa uleule, kando ya barabara, tangi kubwa, kodi 300,000. Mteja anaona elfu hamsini zaidi na kuikataa. Lakini nyumba ya juu kilimani inahitaji boda asubuhi na jioni. Kwa shilingi 1,000 kila safari, siku 26 za kazi, ni 52,000 kwa mwezi. Siku kavu, mbili kila wiki, familia ya watu wanne ikijibana kwa madumu manane kwa siku na dumu likiletwa kwa shilingi 300, ni 2,400 kwa siku, karibu 19,200 kwa mwezi. Kwa miezi sita, nyumba ya kilimani inagharimu kodi 1,500,000, udalali 250,000, boda 312,000 na maji ya kununua 115,200. Jumla ni 2,177,200. Nyumba ya barabarani ni kodi 1,800,000 na udalali 300,000, jumla 2,100,000. Ile iliyoonekana ghali ni nafuu kwa zaidi ya elfu sabini na saba, na hapo tumehesabu mtu mmoja tu anayekwenda kazini. Ankara ya DAWASA sikuiweka kwa sababu ipo pande zote mbili, na amana sikuiweka kwa sababu inarudi.

Hata hivyo watu wengi watachukua ya kilimani, na wana sababu. Siku ya kuingia, ya kilimani inataka milioni mbili, ya barabarani inataka milioni mbili na laki nne. Laki nne hizo mtu hana leo, ingawa angeweza kuzilipa kidogokidogo. Hapa dalali anaweza kufanya kazi ya maana: amuombe mwenye nyumba ya barabarani apokee miezi minne badala ya sita. Hiyo ni 1,200,000 ya kodi, 300,000 ya amana na 300,000 ya udalali, yaani 1,800,000, pungufu ya ile ya kilimani. Mwenye nyumba akikubali, dalali amepata mteja ambaye hatahama miezi sita ijayo kwa kuchoshwa na kilima.

Yakishakubaliwa, kuna siku ya kukabidhi. Fedha ya kodi na amana iende kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa akaunti au namba ya simu yenye jina lilelile lililo kwenye mkataba, na risiti ibaki. Mwenye nyumba akiwa mbali na anawakilishwa na ndugu, mpangaji apite kwanza kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza nyumba ile ni ya nani. Wanajua, na kujitambulisha kwao ni jambo ambalo mpangaji mpya angelifanya hata hivyo. Kisha wote watatu warudi kwenye mita ya maji pale getini, wasome tarakimu zake, waziandike kwenye mkataba pamoja na tarehe, wapige picha, na wafanye vivyo hivyo kwa LUKU kama ina deni. Dalali achukue ya kwake baada ya ufunguo kufungua mlango, si kabla.